Wateja sita kwa saa, dakika ishirini za kuondoka: hesabu ya Poisson muda unapobadilika

Tuchukue kibanda kimoja cha mfano cha wakala wa pesa pale Kibirizi, ufukwe wa Kigoma ambako boti za vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika hupakia na kushusha watu. Dada mwenye kibanda amekwisha kuona kwamba asubuhi ya kawaida, kuanzia saa 3, anapata wastani wa wateja 6 kwa saa. Leo noti zimemwishia. Floti ipo kwenye simu, lakini wanaokuja wanataka kutoa, si kuweka. Akipanda bodaboda kwenda mjini kuchukua fedha taslimu na kurudi, atakuwa nje dakika 20. Je, uwezekano kwamba katika dakika hizo hatafika mteja hata mmoja ni kiasi gani?

Swali la namna hii hutungwa kwenye mitihani kila mwaka kwa sura mpya: magari kwenye kizuizi, simu kwenye mapokezi, wagonjwa kwenye dirisha la dawa. Wanaolikosa mara nyingi wanaijua kanuni kwa moyo. Wanachokosa ni namba ya kuingiza ndani yake.

Kanuni yenyewe inatoka kwa Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyeichapisha mwaka 1837. Inasema kwamba ikiwa matukio hutokea kwa bahati, kila moja bila kujali mengine, na wastani wa matukio katika kipindi unachokitazama ni µ, basi uwezekano wa kupata matukio k kamili katika kipindi hicho ni:

P(k) = e^(−µ) × µ^k / k!

Herufi e ni ile namba ya 2.718 na zaidi iliyomo kwenye kila kikokotoo cha sayansi, na k! ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi k, huku 0! ikihesabiwa kuwa 1. Maneno ya kushikilia katika sentensi ile ni “katika kipindi unachokitazama”. µ si kasi ya wateja. µ ni idadi ya wateja tunaowatarajia ndani ya muda ulioulizwa, na muda huo ukibadilika µ nayo inabadilika. Kasi tuipe herufi yake, λ, ambayo hapa ni wateja 6 kwa saa na inabaki 6 kwa saa hata tukitazama dakika moja. Uhusiano wa hizo mbili ni µ = λ × t, ambapo t ni urefu wa muda kwa kipimo kilekile cha kasi. Vitabu vingi huziita zote mbili lamda, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Kwa dada wetu, dakika 20 ni theluthi moja ya saa, kwa hiyo µ = 6 × 20/60 = 2. Anayependa dakika anaweza kupitia njia nyingine: wateja 6 kwa dakika 60 ni mteja 0.1 kwa dakika, mara dakika 20, ni 2. Jibu ni lilelile. Kisichofaa ni kuchanganya, yaani kuzidisha 6 za saa kwa 20 za dakika na kupata wateja 120 katika dakika 20, idadi ambayo kibanda kile hakijawahi kuiona. Tukiweka k = 0, sehemu ya juu na ya chini zinakuwa 1 na kinachobaki ni e^(−2) = 0.1353. Kwa hiyo katika safari mia za namna hii, kama 13 au 14 ndizo ambazo hakuna mtu atakayeukuta mlango umefungwa.

Sasa tutazame majibu mengine yanayojitokeza, kwa sababu yanaonyesha kitu ambacho jibu sahihi peke yake halionyeshi.

Wa kwanza anaweka µ = 6 moja kwa moja na kupata e^(−6) = 0.0025. Hesabu yake ya kikokotoo haina kosa, ila imejibu swali la saa nzima. Wa pili anagundua kwamba swali ni la dakika 20, anaichukua ile 0.0025 na kuigawa kwa 3, anapata 0.0008. Huyu ameelewa kwamba kuna kitu cha kugawa, lakini amekigawa kisichogawika.

Jibu la huyu wa pili linaweza kukamatwa bila kurudia hesabu. Kukaa bila mteja dakika 20 ni rahisi kuliko kukaa bila mteja saa nzima, kwa hiyo uwezekano wa sifuri lazima ukue muda unapofupishwa. Yeye amefupisha muda na uwezekano ukapungua. Jibu linalokwenda kinyume hivyo ni la kutupwa kabla hata ya kutafuta kosa liko wapi.

Ukitaka kujua uhusiano wa kweli kati ya 0.1353 na 0.0025, ichukulie saa nzima kama vipande vitatu vya dakika 20. Ili saa ipite bila mteja, lazima kipande cha kwanza kipite bila mteja, na cha pili, na cha tatu. Matukio yasiyotegemeana tunazidisha uwezekano wake: 0.1353 × 0.1353 × 0.1353 = 0.0025. Wastani wa vipande unajumlishwa, 2 + 2 + 2 = 6, lakini uwezekano wa sifuri unazidishwa. Ndiyo maana unaruhusiwa kuugawa wastani kwa 3, ilhali ukitaka kuteremka kutoka uwezekano wa saa hadi wa dakika 20 itabidi utafute kipeuo cha tatu. Kanuni ya Poisson inalifanya hilo yenyewe kwa sababu µ imekaa juu ya e kama kipeo, na kujumlisha vipeo ndiko kuzidisha namba zenyewe.

Kuna swali ambalo wanafunzi makini huliuliza na mara nyingi halijibiwi: kwa nini wastani unafuata urefu wa muda kwa uwiano wa moja kwa moja? Njia nzuri ya kuona ni kuikatakata saa hadi sekunde. Saa ina sekunde 3,600 na wateja 6, kwa hiyo katika sekunde yoyote moja uwezekano wa mtu kufika ni 6/3600, yaani 1 kwa 600. Sekunde ni fupi kiasi kwamba tunaweza kupuuza uwezekano wa wawili kufika kwa pamoja. Dakika 20 zina sekunde 1,200, na uwezekano kwamba zote zitapita kavu ni 599/600 ikizidishwa kwa yenyewe mara 1,200. Kikokotoo kinatoa 0.1351. Iko karibu mno na 0.1353, na ukikata vipande vidogo zaidi ya sekunde tofauti inazidi kufutika. Tazama kilichobadilika tulipotoka saa kuja dakika 20. Uwezekano wa sekunde moja haukuguswa, bado ni 1 kwa 600. Kilichopungua ni idadi ya sekunde tu, kutoka 3,600 hadi 1,200.

Humo humo mna sharti lililojificha: tumechukulia kwamba kila sekunde ina nafasi sawa na nyingine, na kwamba sekunde iliyopita haisemi chochote kuhusu ijayo. Kwa hiyo hakuna maana dada kusubiri mteja mmoja aondoke ndipo achomoke, akiamini kwamba “ameshapita mmoja, mwingine atachelewa”. Wala ukimya wa dakika 15 hauna maana kwamba mtu yuko njiani. Masharti yakitimia, dakika 20 ni dakika 20, zianze wakati wowote.

Mdenmaki Agner Krarup Erlang aliitumia hesabu hii mwaka 1909 kwa simu zilizokuwa zikiingia kwenye mitambo ya Kopenhagen, na nadharia ya foleni ya leo imejengwa juu ya kazi yake. Yeye pia alihitaji kuhama kutoka muda mmoja hadi mwingine, maana mtambo haujali saa nzima. Unajali ni simu ngapi zimeingia wakati mazungumzo mengine hayajaisha.

Turudi Kibirizi na swali gumu zaidi kidogo. Dada anasema: mteja mmoja au wawili wakinikosa si neno, watarudi. Wakiwa watatu au zaidi wataanza kumzoea jirani. Uwezekano wa kupoteza watatu au zaidi ndani ya dakika 20 ni upi? Hapa ni rahisi kutoa uwezekano wa chini ya watatu kutoka kwenye 1. Kwa µ = 2, sifuri ni 0.1353, mmoja ni 0.1353 × 2 = 0.2707, wawili ni 0.1353 × 4/2 = 0.2707. Jumla yake ni 0.6767, kwa hiyo watatu au zaidi ni 0.3233. Karibu safari moja katika kila tatu.

Mtu mwenye haraka angesema: watatu katika dakika 20 ni sawa na tisa katika saa, basi nitumie µ = 6 na kutafuta tisa au zaidi, jibu litakuwa lilelile. Halitakuwa. Ukikokotoa, tisa au zaidi katika saa nzima ni 0.1528, chini ya nusu ya ile 0.3233. Uwiano ni mmoja, mara moja na nusu ya wastani, lakini uwezekano ni tofauti kabisa. Sababu ni kwamba muda mfupi huyumba zaidi. Katika Poisson mtawanyiko wa kawaida wa idadi ni kipeuo cha pili cha wastani wake: kwa saa nzima ni kama 2.4 kuzunguka 6, ambayo ni asilimia 41 ya wastani, na kwa dakika 20 ni 1.4 kuzunguka 2, ambayo ni asilimia 71. Saa ndefu humeza misukosuko yake. Theluthi ya saa haina nafasi hiyo. Kwa hiyo unapobadili muda unabadili µ tu. Idadi uliyoulizwa, yaani k, inabaki kama ilivyoulizwa.

Mpaka hapa kasi imekuwa moja asubuhi nzima. Tuseme haiko hivyo. Kuanzia saa 4 kamili wachuuzi wa dagaa wanamaliza biashara zao na kuanza kutuma pesa, na kasi inapanda kutoka 6 hadi 12 kwa saa. Safari hii dada anaondoka saa 3:40 na kurudi saa 4:10. Wapo watakaotafuta wastani wa kasi mbili, 9 kwa saa, na kuuzidisha kwa nusu saa wapate 4.5. Si sahihi, kwa sababu hakukaa kwenye kasi hizo mbili kwa muda sawa. Kata muda pale kasi inapobadilika: dakika 20 za mwanzo zinaleta 6 × 20/60 = 2, dakika 10 za mwisho zinaleta 12 × 10/60 = 2, jumla µ = 4. Baada ya hapo Poisson inaendelea kama kawaida kwa µ = 4, na uwezekano wa kutokufika mtu ni e^(−4) = 0.0183. Ilikuwa zaidi ya asilimia 13, sasa haifiki 2, na kilichoongezeka ni dakika kumi tu. Ila dakika kumi zenyewe ndizo mbaya. Kasi ikibadilika polepole badala ya kuruka, wazo ni lilelile: unakata vipande vidogo na kujumlisha, ambacho wenye kusoma kalkulasi watakiita kuintegreti.

Na hata hii inadhani kwamba unaijua kasi ya siku unayoihesabia. Kigoma kasi ya pesa ufukweni haiongozwi na saa ya ukutani peke yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri, wavuvi hupumzika. Wastani uliopimwa wiki ya giza ukiupeleka wiki ya mwezi mpevu, utakuwa umebadilisha muda kwa usahihi na kutumia kasi isiyokuwepo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Takwimu za wateja za Aprili zisingefaa kukadiria Juni kwa kuzidisha tu. Kupanua saa hadi siku, au siku hadi mwezi, kwa karatasi ni kazi ya sekunde moja, na ndiyo inayoharibu makadirio mengi kuliko kosa lolote la kikokotoo.

Lakini kinachoivunja Poisson Kibirizi kuliko mwezi ni boti. Boti ikifika, hawashuki abiria mmoja mmoja kwa kuachana dakika kumi kumi. Wanashuka kundi, na baadhi yao wananyoosha moja kwa moja kwa wakala. Sharti la kutotegemeana limekufa hapo: mtu mmoja akifika kutoka kwenye boti, karibu ni hakika kwamba mwingine yuko nyuma yake.

Hili linapimika kwa daftari na saa. Dada au mdogo wake ahesabu wateja wa kila dakika 20 kwa saa nne, vipande 12. Tuseme asubuhi isiyo na boti daftari linasoma 0, 1, 2, 2, 3, 1, 4, 2, 0, 3, 1, 5. Jumla ni 24 na wastani ni 2. Sasa tafuta varianzi: toa 2 kwenye kila namba, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, upate 26, kisha gawa kwa 11, ambayo ni idadi ya vipande kasoro moja. Inatoka 2.4. Katika Poisson varianzi na wastani ni kitu kimoja, na hapa 2.4 na 2 vinakaribiana vya kutosha kwa daftari fupi kama hili.

Siku ya boti mbili daftari linaweza kusoma 0, 0, 1, 0, 9, 2, 0, 1, 0, 8, 3, 0. Jumla ni 24 tena, wastani 2 tena. Mtu anayetazama wastani peke yake angesema siku hizi ni pacha. Lakini varianzi sasa ni 112 kugawa kwa 11, yaani 10.2, mara tano ya wastani. Hesabu pia sifuri: ni 6 kati ya 12, ilhali Poisson ya wastani 2 ingetarajia moja au mbili. Siku kama hii 0.1353 haina kazi. Safari ya dakika 20 ikichaguliwa vizuri, kabla boti haijaonekana, karibu haina hasara, na ikichaguliwa vibaya inapoteza wateja wanane kwa mkupuo. Tiba si kubadilisha kasi kutoka saa hadi dakika kwa uangalifu zaidi. Ni kubadilisha unachohesabu: hesabu boti kwanza, kisha watu kwa kila boti. Kufika kwa boti zenyewe, kama hazina ratiba, huenda kukafuata Poisson kwa karibu zaidi kuliko kufika kwa abiria wake.

Limebaki jambo la kasi yenyewe kupatikana wapi. Ile 6 kwa saa katika daftari la kwanza imetokana na wateja 24 waliohesabiwa kwa saa 4. Hesabu ya 24 ina mtawanyiko wa kipeuo cha pili cha 24, karibu 4.9, na ukigawa kwa saa 4 unapata 1.2. Kasi ya kweli basi inaweza kuwa 4.8 au 7.2 bila mtu kushangaa. Kwa dakika 20 hiyo ni µ kati ya 1.6 na 2.4, na uwezekano wa kutofika mtu unatembea kati ya 0.20 na 0.09. Kuandika 0.1353 kwa tarakimu nne ni adabu ya mtihani. Kwa kibanda halisi, mtu anayesema “kati ya moja kwa kumi na moja na moja kwa tano” amesema kweli zaidi.

Sasa fikiria aliyehesabu dakika 10 tu, akaona mteja mmoja, akazidisha kwa 6 na kutangaza wateja 6 kwa saa. Kuzidisha kwake ni kwa haki kabisa, µ = λ × t inakubali kwenda mbele na kurudi nyuma. Ila mtawanyiko wa hesabu ya 1 ni 1, na alipozidisha kwa 6 alizidisha na huo pia: ana 6 kwa saa, kosa lake nalo ni 6. Angeanza na kumaliza dakika moja mapema au baadaye, hesabu yake ingeweza kutoa 0 au 12 kwa saa.